Jibu la hifadhidata lilipokwama mpakani mwa sabneti

Wauzaji wa duka la jumla tunalolihudumia Kariakoo waliniambia kwamba mfumo wa mauzo unafunguka mara moja, kisha unagoma mara mbili. Seva zake ziko AWS, kituo cha Cape Town, na siku mbili kabla nilikuwa nimeibana sabneti ya hifadhidata kwa orodha mpya ya ufikiaji, ile inayoandikwa `Network ACL`.

Kundi la usalama (`Security Group`) hukaa kwenye kiunganishi cha mtandao cha seva na hukumbuka miunganisho, kwa hiyo ukiruhusu poti 5432, ambayo ni ya hifadhidata ya PostgreSQL, iingie, jibu lake hutoka bila kuhitaji kanuni nyingine. Orodha ya ufikiaji hukaa mpakani mwa sabneti na haikumbuki chochote: jibu hupimwa kama pakiti ngeni, tena haliendi poti 5432, bali linaelekea poti ya muda aliyoichagua aliyeuliza.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa upande wa kutoka niliruhusu poti 49152 hadi 65535, ambazo ndizo Windows hutumia, ilhali seva ya mauzo ni ya Linux, ambayo kwa kawaida huchagua kati ya 32768 na 60999. Katika poti hizo 28,232, ni 11,848 tu zilizoangukia ndani ya kanuni yangu, yaani takriban asilimia 42. Kompyuta ya ripoti, yenye Windows, haikugoma hata mara moja, na hilo lilinifanya niishuku programu ya mauzo kwa saa kadhaa.

Jaribio langu la kwanza nalo lilinipotosha. Niliunganisha kwa `psql` kutoka mashine iliyomo katika sabneti ileile ya hifadhidata, nikafanikiwa kila mara, kwa sababu orodha haipimi pakiti zisizovuka mpaka wa sabneti. Kilichofichua kosa ni kumbukumbu za `VPC Flow Logs` za hifadhidata, ambazo hapa nimezifupisha:

```
10.0.1.15 10.0.2.40 38214 5432  ACCEPT
10.0.2.40 10.0.1.15 5432  38214 REJECT
```

Ombi limekubaliwa, jibu limekataliwa. Kundi la usalama lingekuwa ndilo lililozuia, ombi lenyewe lingekataliwa na mstari wa pili usingekuwepo. Nilipanua kanuni ya kutoka iwe TCP 32768 hadi 65535 kuelekea `10.0.1.0/24`, na malalamiko yakakoma siku hiyohiyo.

Tangu hapo nashauri orodha ya ufikiaji ya chaguo-msingi iachwe wazi kama inavyokuja, na ulinzi wa hifadhidata ufanywe na kundi la usalama linaloruhusu poti 5432 kutoka kundi la seva za mauzo pekee. Orodha ninaigusa ninapotaka kuzuia anwani fulani waziwazi, kwa kanuni yenye namba ndogo kuliko ile inayoruhusu, kwa kuwa kanuni za kundi la usalama ni za kuruhusu tu.