Kalenda spredi na IV iliyoporomoka

"Nimeuza koli ya siku 30, nimenunua ya siku 60. Hisa haijasogea hata kidogo, mbona nipo kwenye hasara?"

Mkuu, koli ni haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa kabla ya muda kuisha, na kuuza fupi huku ukinunua ndefu ndiyo kalenda spredi. Kinachokuumiza ni IV, yaani mtikisiko wa bei ambao soko linautarajia. Chukua hisa ya dola 100, koli zote mbili za bei ya 100, IV 30%, riba tuiache. Ya siku 30 unaiuza kama 3.43, ya siku 60 unainunua 4.85. Umetoa 1.42.

Muda uko upande wako, kwa sababu koli fupi huyeyuka haraka kuliko ndefu. Hisa ikibaki 100 hadi siku ya 30, uliyouza inakufa bila thamani na uliyobaki nayo ina 3.43. Faida 2.01.

Sasa tuseme siku hiyo hiyo IV za miezi yote miwili zishuke hadi 20%. Ndefu inaangukia 3.23, fupi 2.29, tofauti 0.94. Theluthi ya pesa yako imekwenda na bei ya hisa haijasogea. Koli ndefu ndiyo inayoumia zaidi IV ikishuka, na hiyo ndiyo uliyonunua.

Usifunge kwa hofu, lakini. IV ikikaa hapo hapo 20% na hisa ibaki 100, siku ya 30 bado utakuwa na 2.29.

Cha kuchunguza: je, kampuni ilitangaza matokeo ya robo mwaka juzi? Kama uliingia kabla ya tangazo, koli ndefu uliilipia IV iliyovimba, ingawa na fupi uliiuza ikiwa imevimba.