Mita 2.01: miguu, magoti na moyo wa ngongoti

Mwaka juzi nilinunua viatu vya mtumba namba 46 wakati mguu wangu ni 48. Muuzaji aliniapia kwamba ngozi itatanuka. Haikutanuka. Siku ya tatu nikawa na lengelenge juu ya kisigino, la ukubwa wa shilingi mia, nami nikalipasua kwa pini na kuendelea na safari zangu. Wiki moja baadaye mguu ulikuwa mwekundu hadi kwenye kifundo, nikaishia kupigwa sindano za antibayotiki.

Daktari aliyenihudumia, kijana mdogo kuliko mimi, aliniuliza kama namjua Robert Wadlow. Sikumjua. Nilipotoka pale nikamsoma, na tangu hapo sijavaa tena kiatu kinachonibana.

Wadlow alikuwa Mmarekani, alizaliwa Alton, Illinois, mwaka 1918. Ndiye mtu mrefu kuliko wote ambao urefu wao umethibitishwa kwa vipimo: mita 2.72. Hakuuawa na urefu moja kwa moja. Alikuwa akitembea na vyuma vya kushikilia miguu, na miguuni alikuwa na hisia kidogo sana. Mwanzoni mwa Julai 1940 chuma kimoja kilimsugua kifundoni kikafanya lengelenge, naye hakulisikia. Kidonda kikaingia vijidudu, vikasambaa kwenye damu, madaktari wakamwongezea damu na kumpasua, lakini tarehe 15 Julai akafariki. Alikuwa na miaka 22.

Kwa nini mtu wa miaka 22 ahitaji vyuma ili asimame? Hesabu yake ni rahisi, na mimi huifanya kwa kumtumia mdogo wangu. Yeye ana mita 1.67 na kilo 60. Mimi nina mita 2.01, yaani nimemzidi mara 1.2. Watu hudhani basi na uzito wangu ungezidi mara 1.2. Sivyo. Mwili hukua kwa urefu, kwa upana na kwa unene, kwa hiyo unazidisha kwa 1.2 mara tatu mfululizo. Kama ningekuwa yeye aliyekuzwa tu, ningepaswa kuwa na kilo 104 hivi, na kweli mizani yangu inasoma 103. Lakini nguvu ya mfupa haitokani na ujazo wake, inatokana na eneo lake ukiukata kama muwa. Eneo hilo linazidishwa kwa 1.2 mara mbili tu mfululizo, kwa hiyo limeongezeka kama mara 1.45. Mzigo umekua kuliko nguzo. Kila sentimita ya mraba ya goti langu inabeba takriban asilimia 20 zaidi ya yake, hata tukiwa tumesimama tu tunasubiri daladala.

Sasa ipeleke hesabu hiyo kwa Wadlow. Mtu wa mita 1.75 mwenye kilo 70, akikuzwa mpaka mita 2.72, angekuwa na kilo zaidi ya 260. Yeye alikuwa na kama 199, yaani alikuwa mwembamba kwa kimo chake, na bado miguu ilishindwa.

Mtu wa kawaida hafiki huko kwa sababu ncha za mifupa mirefu ya mtoto zina vibamba vya gegedu, na mifupa hiyo hurefukia hapo. Balehe ikikomaa, homoni, hasa estrojeni (hata kwetu wanaume), huvigeuza kuwa mfupa na habari ya kurefuka huishia hapo. Waliopita mita 2.5 karibu wote walikuwa na hitilafu kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ikamwaga homoni ya ukuaji bila breki. Wadlow alikuwa bado anarefuka alipofariki. Sultan Kösen wa Uturuki, mwenye mita 2.51, alikuwa na uvimbe kwenye tezi hiyo, na urefu wake ulisimama baada ya uvimbe kutibiwa kwa miale huko Virginia mwaka 2010. Hata yeye hutembelea magongo.

Kama umeshavuka miaka ya kukua, kisha pete inakubana, namba ya kiatu inapanda na meno yanaachana, usiseme umenenepa. Homoni ikizidi ukubwani haikurefushi tena, ila hunenepesha misuli ya moyo na kuharibu gegedu za viungo. Kuna kipimo cha damu kiitwacho IGF-1 kinachoonyesha hilo.

Mimi sina tatizo hilo. Kwetu ni warefu tu, na mjini wakichoka kuniita twiga huniita Hasheem Thabeet, ingawa yeye ana mita 2.21 na mimi sijawahi kufunga vikapu kumi katika mchezo mmoja. Ila hilo la twiga nimekuja kulipenda. Moyo unasukuma damu kwenda juu kama pampu inayopandisha maji kwenye tangi: kila sentimita 1.3 ya kupanda hugharimu milimita moja ya zebaki. Kwangu kutoka moyoni hadi ubongoni ni kama sentimita 40, yaani milimita 30 hivi zinaishia njiani. Twiga amelitatua kwa kuwa na presha karibu mara mbili ya yetu, ukuta mnene wa moyo, na ngozi ya miguu iliyobana kama soksi ili damu isituame chini. Mimi sina ngozi hiyo. Nikisimama ghafla kutoka kitandani naona nyota, na basi la kwenda Mwanza hunivimbisha miguu. Warefu hupata zaidi damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kwa hiyo basi likisimama nashuka, natembea, nabana na kuachia mashavu ya miguu. Wanaonicheka waendelee tu.

Lililonitisha zaidi ni kipimo kilichofuata. Yule daktari aliniambia, “Kaka, nyoosha mikono kama ndege.” Akapima ncha hadi ncha, akaniambia nikunje ngumi na kidole gumba kikiwa ndani, kisha niushike mkono wangu juu kidogo ya kiganja kwa gumba na kidole cha mwisho. Alikuwa anatafuta ugonjwa wa Marfan. Mwenye nao, mikono huzidi kimo waziwazi, ukucha wa gumba hutokeza upande wa pili wa ngumi, na vile vidole viwili hupishana vikizunguka mkono. Tishu zake ni dhaifu, na aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hutanuka taratibu mpaka siku moja unachanika. Flo Hyman, mchezaji wa voliboli wa Marekani mwenye mita 1.96, alianguka na kufa akiwa Japani Januari 1986, akiwa amekaa kwenye benchi. Uchunguzi wa mwili ndio uliogundua Marfan. Ndugu yake wa kiume akapimwa, naye akakutwa nayo, akafanyiwa upasuaji.

Kwangu mikono ilizidi kimo kwa sentimita 4 tu, gumba halikutokeza. Bado nikaomba eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti. Chanzo cha aota yangu kilisoma upana wa sentimita 3.7. Kwenye Marfan, madaktari hufikiria kupasua kikifika kama 5, hata kabla.

Kilichobaki ni magoti. Nimeacha mpira wa kikapu kwenye sakafu ya saruji, naogelea. Nataka kufika kilo 97, maana kila kilo moja inayotoka huliondolea goti kama nne katika kila hatua. Viatu hunishonea fundi mmoja wa Kariakoo, ambaye hudai nimlipie ngozi ya jozi mbili. Kila jioni nageuza nyayo kwenye taa na kuzikagua.