Sekunde 20 za Kwanza Mbele ya Darasa

Mara ya kwanza nilipoalikwa shuleni kueleza kazi yangu ya maabara ya hospitali, nilijitambulisha kama ninavyojitambulisha kwenye mkutano wa kikazi: jina kamili, cheo, idara, nilichosomea. Wanafunzi walikuwa wa miaka 10 na 11. Nilipomaliza, msichana aliyekaa mbele akainua mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Sasa wewe unafanya nini?"

Kama ndiyo kwanza unaanza kualikwa shuleni, andika utangulizi wako kana kwamba unamjibu msichana yule. Mimi sasa nasema salamu, jina moja tu, lile nitakalo waniite, kisha hivi:

"Nafanya kazi hospitalini. Mimi si daktari. Mtu akitolewa damu, ile damu inaletwa kwangu. Naiangalia, natafuta ugonjwa. Halafu namwambia daktari nimeona nini."

Ukiyasema taratibu hayafiki sekunde 20. Kila sentensi ina jambo moja. "Mimi si daktari" niliiongeza baadaye, kwa sababu watoto wakiona koti jeupe wanaamua wewe ni daktari, na maswali yote yanakuwa ya vidonge na kupasuliwa. Fikiria nawe: watoto wataichanganya kazi yako na ipi? Likanushe hilo mapema, kwa sentensi moja.

Hapo zamu yako imekwisha. Wape yao, na agizo litangulie swali: "Inua mkono kama umewahi kutolewa damu." Ukianza na "Nani amewahi kutolewa damu?" utajibiwa na sauti 30 kwa pamoja, na muda wako utaishia kwenye kutuliza kelele. Ndiyo maana pia salamu isalimiwe mara moja tu. Wageni wengi hupenda kusema "Sijasikia, hamjambo?" ili darasa lichangamke. Linachangamka kweli, ila umeshalifundisha kupiga kelele.

Mikono ikiwa juu, chagua mtoto mmoja wa nyuma. Muulize jambo lenye jibu fupi: "Ilitoka mkononi au kidoleni?" Akijibu kwa sauti ndogo, lirudie jibu lake wote walisikie: "Kidoleni." Kisha endelea kutoka kwenye neno lake hilo hilo: "Tone la kidoleni naliweka juu ya kioo chembamba. Kioo nakiweka chini ya hadubini. Hadubini ni chombo kinachofanya kitu kidogo sana kionekane kikubwa." Neno gumu ni hilo moja, na maana yake inakuja papo hapo. La pili lisubiri utangulizi uishe.

Hapo kuna hatari moja ambayo wageni hawaioni mapema. Usiulize "Nani amewahi kuugua sana?" Mtoto anaweza kueleza ugonjwa wake wa siri, au msiba wa nyumbani, mbele ya wenzake wote, nawe huna la kumfanyia kwa wakati ule. Uliza kuhusu kitendo kilichowapata wengi, kama kuchomwa sindano. Habari za maradhi ya mtu ziache.

Na "Mmeelewa?" haikusaidii kitu. Darasa zima litaitikia "Ndiyo!" hata kama hakuna aliyekufuata. Badala yake uliza: "Damu ikifika kwangu, naiweka juu ya nini?" Kisha nyamaza, hesabu hadi tano kimoyomoyo. Kimya hicho kinatisha kidogo, lakini wengine ndipo wanapopata jibu. Wakijibu wawili watatu wa mbele tu, na wa nyuma wanamtazama mwalimu wao badala ya wewe, lieleze upya kwa maneno mengine. Kupaza sauti hakutasaidia, kwani sauti waliisikia. Maneno ndiyo yaliyowapita.

Kwa vijana wa miaka 15 au 16 maneno yabaki mepesi vile vile, ila zamu ibadilike. Wengi wao hawapendi kuwa wa kwanza kuinua mkono, na ukimnyooshea kidole mmoja atajifunga. Mimi nawapa hali kutoka kazini: "Chupa mbili za damu zimefika. Zote zina jina moja. Simu ya daktari inaita, anataka majibu sasa. Mwambie jirani yako: ungefanya nini?" Nawaacha waongee sekunde 30, kisha nauliza mmekubaliana wapi, mmebishana wapi. Anayejibu hapo anasema la wawili, hivyo hana aibu. Usiwaite "watoto", na misimiati yao ya mitaani waachie wenyewe.

Jibu la zile chupa siwapi palepale. Nawaambia hakuna majibu yanayotoka kabla sijajua kila chupa ni ya nani, halafu natoa chupa mbili tupu mfukoni zenye lebo, na hapo mazungumzo yenyewe yanaanza.