Sahihisho la Jedwali la 3

"Nimechapa mgawo wa kuwa karibu na steji kama 0.41 badala ya 0.14 kwenye jedwali la kodi za nyumba Nairobi. Nikiandika 'hitimisho halibadiliki' inatosha?"

Haitoshi, ndugu yangu. Aliyekujibu kwamba inatosha kwa sababu uhusiano bado upo yuko sawa nusu: 0.14 ukigawa kwa kosa sanifu la 0.05 unapata t ya 2.8, ileile iliyo kwenye jedwali. Kwa hiyo kompyuta haikukosea, ni vidole viliteleza, na uhusiano bado upo. Lakini kodi umeiweka kwa logi, kwa hivyo nyumba zilizo karibu na steji hazizidi nyingine kwa asilimia 51, ni kama 15 tu. Ile 51 umeirudia kwenye muhtasari. Itaje waziwazi pamoja na ukurasa wake. Jedwali la 4 ulilichapa kwa mkono pia?