Makofi katikati ya maneno: si pongezi, ni mkazo

*"Wakuu, habari. Binti wa dada yangu kaweka picha yake ya mahafali Instagram, chini kaandika: Sikuwahi 👏 kuomba 👏 ruhusa 👏 yenu. Hayo makofi kila baada ya neno anampigia nani? Anajipongeza? Na mtindo huu umetokea wapi?"*

Mkuu, hajipongezi na hampigii mtu makofi. Hayo makofi ni sauti ya viganja vyake akisema sentensi hiyo polepole, neno kwa neno, mbele ya watu ambao anaona hawakumsikia mara ya kwanza. Nalijua hilo kwa sababu niliyasikia kwa masikio miaka kadhaa kabla sijayaona kwenye simu.

Nilifanya kazi ya kuhudumia wazee Baltimore, zamu za usiku, na wenzangu wengi walikuwa wanawake Wamarekani weusi. Aliyenifundisha kazi alikuwa mama wa makamo. Wiki yangu ya pili nilitaka kumwinua mzee kutoka kwenye kiti cha magurudumu bila kufunga breki. Akanizuia, akasimama mbele yangu, akasema: funga, kofi, breki, kofi, kabla, kofi, hujamwinua, kofi. Mimi niliyekulia Tanga nilijua makofi ni ya harusi, ya shule na ya mgeni rasmi. Nikadhani mama huyu ananikasirikia mpaka amepoteza subira. Baada ya dakika kumi alinimiminia chai, akaniuliza kama wanangu wamelala. Hasira haikuwepo. Alitaka tu kila neno lishike, kwa kuwa mzee akianguka usiku hakuna mchezo.

Kilichonifungua macho zaidi kilikuja miezi baadaye. Mtoto wa mwenzetu mmoja alipata nafasi chuo kikuu, na mama yule yule akaitangaza habari hiyo kwa makofi yale yale: neno, kofi, neno, kofi, machozi yanamtoka. Kumbe kofi halibebi hasira wala furaha. Linabeba uzito, na hisia inaletwa na maneno yenyewe. Ukilielewa hilo, kapsheni nyingi zitakufungukia.

Kwa hiyo asili yake ni hapo, kwenye mazungumzo ya wanawake weusi wa Marekani: jikoni, saluni, kazini, kanisani. Hakuna kampuni ya simu iliyobuni tabia hii, na ni ya zamani kuliko emoji yenyewe. Mwaka 2016 mchekeshaji Robin Thede aliieleza kwenye kipindi cha usiku cha Larry Wilmore katika runinga ya Marekani, katika sehemu aliyoiita lugha ya alama ya wanawake weusi, na mojawapo ya ishara alizoonyesha ilikuwa kupiga kofi kwenye kila silabi. Watazamaji wengi walikuwa wakiiona ikipewa jina kwa mara ya kwanza. Kwa wanawake wale niliofanya kazi nao lilikuwa jambo la kila siku.

Emoji ilikuja kuikuta ishara. Kofi hili, 👏, liliingizwa mwaka 2010 kwenye viwango vya Unicode, ile orodha ya herufi na alama inayofuatwa na simu na kompyuta zote, likiwa na maana ya kawaida ya kushangilia. Mwaka 2015 zikaongezwa rangi za ngozi, na watu wakaweza kuchagua viganja vinavyofanana na vyao, 👏🏾. Kwenye Twitter, ambako Wamarekani weusi walikuwa na mazungumzo yao makubwa yenye ladha yake, viganja vile vikaanza kuwekwa pale vinapolia kwenye usemi. Maandishi hayana mikono wala macho ya kukazia. Emoji ilirudisha mikono.

Wanaisimu wana jina la ishara za namna hii. David McNeill, aliyechunguza mikono ya watu wanapozungumza, alitenga kundi la ishara za mapigo: mkono unaoshuka na kupanda kwa kufuata mdundo wa usemi bila kuchora kitu chochote hewani. Mwanasiasa anayechoma hewa kwa kidole kila neno anafanya hivyo. Mwaka 2018 Gretchen McCulloch na Lauren Gawne waliulinganisha mfuatano wa emoji zinazorudiwarudiwa na ishara hizo za mapigo. Kwa maoni yangu kofi ndilo mfano ulio wazi kuliko yote, maana lenyewe ni pigo linalosikika.

Sasa tazama kwa nini mtindo huu umekaa vizuri kwenye Kiingereza na kwetu unalegea. Mtu akitaka kusema "sikukuuliza" kwa Kiingereza, ataandika hivi:

```
I 👏 DID 👏 NOT 👏 ASK 👏 YOU
```

Maneno matano, na kila neno lina silabi moja. Anayeongea hupiga kofi juu ya silabi, na kwa kuwa hapa silabi na neno ni kitu kimoja, anayeandika anapata mdundo ule ule bila taabu. Kuna tofauti ndogo tu: mdomoni kofi linaangukia juu ya neno, kwenye skrini halina pa kukaa ila katikati, kwa hiyo makofi matano yanakuwa manne. Ndiyo maana wengine huongeza moja mwishoni.

Kwetu sentensi nzima ni neno moja: sikukuuliza. Mtenda, ukanushi, wakati, mtendwa, vyote vimo ndani ya tumbo la kitenzi. Hakuna nafasi ya kuweka hata kofi moja, ingawa neno lenyewe lina silabi sita na ukilitamka kwa mikono ungeweza kupiga makofi sita. Ukiandika Si 👏 ku 👏 ku 👏 u 👏 li 👏 za, msomaji anakuwa kama mtoto wa chekechea anayefundishwa kusoma, na ukali wote umekwisha. Binti wenu amechagua sentensi ya maneno manne yaliyoshiba, ndiyo maana yake imesimama. Nampa haki yake: kuna vijana wanaoweka kofi hata kati ya "kabla" na "ya", maneno ambayo hakuna Mswahili anayeyatenganisha kwa pumzi, na hapo unaona wazi kwamba mkono wa Kiingereza umevalishwa maneno yetu.

Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe niliporudi. Nilikuwa katibu wa kikoba chetu, wanachama thelathini na kitu, na michango ilikuwa inachelewa. Nikaandika chini ya picha ya daftari letu: Leteni 👏 michango 👏 kabla 👏 ya 👏 Ijumaa. Kwa masikio yangu nilimsikia mama yule wa Baltimore. Wenzangu walisikia kitu kingine. Mmoja akajibu "Amina, hongereni sana viongozi." Mwingine akauliza kama hesabu zimefungwa vizuri mpaka tunashangilia. Hawakukosea. Kwa Mswahili wa kawaida makofi yaliyoandikwa ni pongezi, na ujumbe wangu wa kudai ulikuwa umevaa nguo za sherehe. Michango ile ilikuja Jumatatu.

Aliyeniumiza moyo, kwa haki yake, alikuwa mwalimu mmoja mstaafu asiyeona. Yeye hutumia kisoma skrini, ile programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa, kama TalkBack au VoiceOver. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, umeandika nini? Simu inanisomea mikono tu." Kisoma skrini hakioni mdundo. Kikifika kwenye emoji kinataja jina lake kamili kwa lugha iliyowekwa kwenye simu, na simu yake ilikuwa ya Kiingereza. Alichosikia ni hiki: Leteni, clapping hands, michango, clapping hands, kabla, clapping hands, ya, clapping hands, Ijumaa. Maneno matano yangu, manane ya simu. Na kama ningechagua rangi ya ngozi, kila kofi lingeweza kufuatiwa na maelezo ya rangi, na sentensi ingezama kabisa. Siku hiyo nilimpigia nikamsomea mwenyewe, na tangu hapo tangazo lolote la kikundi nimeliandika kwa nukta: Leteni michango. Kabla ya Ijumaa. Kisoma skrini kinapumzika kwenye nukta, na mwenye macho naye anapumzika. Kofi nikilitaka, naliweka moja, mwishoni.

Kuhusu kinachoashiriwa leo, inategemea nani kaandika. Mtindo ulipotoka kwa wenyewe ukachukuliwa na kila mtu, zikiwemo kampuni zinazouza sabuni na viatu, na kofi likaanza kuwekwa kwenye sentensi zisizo na uzito wowote. Baadaye likageuzwa kejeli: watu wakawa wanaweka makofi kumwigiza mtu anayejiona anafundisha dunia nzima. Kwa hiyo ukiona kapsheni ya Mmarekani yenye makofi, soma kwanza maneno. Kama dai ni kubwa na linamgusa mwandishi mwenyewe, huenda anamaanisha. Kama dai ni dogo mno kwa kelele ile, au anayeandika anasema lile ambalo kwa kawaida hulipinga, anaiga kwa kukejeli. Binafsi kejeli hiyo inaniuma kidogo, maana namkumbuka mama yule na breki za kiti, na naona sauti yake ikifanywa kichekesho na watu ambao hawakuwahi kusimama naye zamu ya usiku.

Kwetu hapa kuna njia rahisi ya kutofautisha: angalia makofi yamekaa wapi. Yakiwa yamerundikana mwishoni, 👏👏👏, ni pongezi. Yakiwa yametawanywa katikati ya maneno, hasa kwenye sentensi yenye "si", "hu" au "msi" mwanzoni, ni mkazo, na mara nyingi kuna mtu maalumu anayejibiwa hata kama hakutajwa. Wanawake wetu wa pwani wakisutana, viganja navyo husema, kwa hiyo hisia yenyewe si ngeni kwetu. Kilicho kigeni ni kuiandika.

Sasa rudi kwenye picha ya binti. Mahafali, joho, na maneno "sikuwahi kuomba ruhusa yenu". Hapo kuna watu waliomwambia asisome alichosoma, au asiende alikokwenda, na makofi matatu yale yanawaelekea wao. Kama wewe si mmoja wao, huna cha kuogopa. Mpigie simu umuulize ni akina nani, na kabla hujakata mpe pongezi kwa mdomo, kwa sababu kwenye kapsheni ile hakujipa.