Herufi za duara zinapogoma kuunda jibu

Katika chemshabongo ya herufi zilizovurugwa, unapanga upya maneno manne, unakusanya herufi zilizoangukia kwenye vijiduara, kisha unaziunda kuwa jibu la maelezo ya katuni. Wengi hukwama hapo mwisho. Mimi hupenda kuyasoma maelezo kwanza, kabla sijagusa neno lolote.

Tuchukue fumbo hili nililolitunga. Katuni inaonyesha seremala akiwa kwa daktari. Maelezo yanasema: "Daktari alimpa tembe akamwambia ____ _____. Seremala akauliza, 'Za mbao gani?'" Neno la kwanza lina herufi nne, la pili tano. Herufi za kupanga ni AIDZA, GEUBM, NOLGAM na ISKAMA.

Maneno yetu mengi huishia na irabu, kwa hiyo tenga irabu pembeni na ujaribu kila moja mwishoni. Kisha tafuta konsonanti zinazopenda kuandamana. Kwenye GEUBM, M na B zikikaa pamoja unapata MBEGU. Kwenye NOLGAM, NG inakupeleka kwenye MLANGO. AIDZA ni ZIADA. Vijiduara vinatupa Z na I kutoka ZIADA, B na E kutoka MBEGU, M, L na A kutoka MLANGO.

Limebaki ISKAMA, lenye duara kwenye herufi ya kwanza na ya nne. Jicho huona SAMAKI mara moja, nalo ni neno sahihi kabisa. Linatoa S na A. Sasa rudi kwenye maelezo: tembe hufanywa nini? Humezwa. Na seremala hutengeneza meza! Toa M, E, Z, A kwenye herufi zako. Zinabaki I, B, L, S, A, na hazikubali kuwa neno lolote linalofaa hapo.

Hapa ndipo watu huanza kutilia shaka jibu zuri walilokwisha kulipata. Usiliache upesi. B, I na L zinanong'ona MBILI, ila zinakosa M na I, na S na A hazina kazi. Herufi zote mbili zisizo na kazi zimetoka neno moja, basi neno hilo ndilo la kuchunguzwa. Herufi za SAMAKI huunda pia KAMASI na MASIKA. KAMASI lingetupa K na A, haisaidii. MASIKA linatupa M na I, na jibu linakamilika: MEZA MBILI.

Mtungaji makini huepuka neno lenye mipangilio zaidi ya mmoja, lakini hupenya. Ndiyo maana mimi huandika maneno hayo manne kwa penseli mpaka herufi ya mwisho ya duara ipate nafasi yake kwenye jibu.