Jibu: Asilimia 24 ya kura, kiti 1 tu

"Chama kinapataje robo ya kura nchi nzima kikaambulia kiti kimoja? Na kugawa viti kwa uwiano wa kura kungebadilisha nini?"

Ndugu, hilo lilitokea Lesotho mwaka 1998. Chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura na kutwaa majimbo 79 kati ya 80, ilhali BNP, chenye asilimia 24 hivi, kilipata jimbo 1. Hapakuhitajika wizi: kila jimbo huhesabiwa peke yake, anayeongoza hata kwa kura moja huchukua kiti, na kura za aliyeshindwa hazivuki mpaka wa jimbo hilo.

Baada ya vurugu zilizofuata, uchaguzi wa mwaka 2002 uliongeza viti 40 vya fidia, na mpigakura akapewa karatasi ya pili, ya chama. Kura za karatasi hiyo zilijumlishwa kitaifa na kugawanywa kwa viti vyote 120. Tuseme, kwa mfano wangu, ni kura 600,000: kila kiti kinagharimu kura 5,000, hivyo chama chenye kura 100,000 kinastahili viti 20, na kama kimeshinda majimbo 3, kinaongezewa 17.

Tatizo huja chama kikishinda majimbo mengi kuliko stahili yake, kama LCD mwaka 2002. Hakinyang'anywi, hukosa nyongeza tu, na wengine hugawana kilichobaki, kwa bei ya juu zaidi kwa kila kiti. Ndiyo maana BNP, kwa asilimia 22 hivi, kilipata viti 21 badala ya 26 au 27.